Nusu ya Kipimo cha Kaka: Kwa Nini Ibuprofeni Haimfai Mtoto Mchanga

Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto hupelekwa kliniki kuchomwa chanjo akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Jioni ya siku hiyo nyumba nyingi huwa na mtoto mwenye joto, analia, na paja limevimba kidogo palipochomwa sindano. Nyumba hizo mara nyingi huwa pia na chupa ya dawa ya maji iliyobaki pale kaka yake mtoto alipougua koo mwezi uliopita. Chupa ina ibuprofeni, ambayo wengi tunaiita Brufen kwa jina la kibiashara lililotangulia. Ilimshusha kaka homa vizuri. Basi mama, bibi au shangazi huwaza jambo linaloonekana la busara kabisa: kaka alipewa kijiko kizima, huyu mdogo tumpe nusu.

Tuifuate hesabu hiyo mpaka mwisho. Mtoto wetu ana wiki 10 na uzito wa kilo 5.2. Chupa imeandikwa 100 mg/5 ml, maana yake kila mililita 5 zina miligramu 100 za dawa. Nusu ya hapo ni mililita 2.5, yaani miligramu 50. Ukigawa kwa uzito wake unapata chini kidogo ya miligramu 10 kwa kila kilo. Watoto wakubwa hupewa miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa kila dozi. Kwa hiyo kwa hesabu ya uzito familia haikukosea hata kidogo. Hata hivyo mtoto huyu hakupaswa kupewa tone la dawa hiyo nyumbani.

Hapo ndipo palipo na ugumu wa jambo hili. Tumezoea kwamba hatari ya dawa kwa mtoto ni kuzidisha kipimo, na kwamba ukipunguza vya kutosha umekuwa salama. Kwa ibuprofeni katika miezi ya mwanzo, kupunguza hakutoshi. Tofauti kati ya mtoto wa wiki 10 na kaka yake wa miaka 4 si kilo tu. Figo za mdogo bado hazijakomaa, na zinategemea kitu kilekile ambacho ibuprofeni huja kukizuia.

Dawa hii inazuia nini

Mwili unapoumia au kupambana na maambukizi, seli hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo huupandisha mwili joto, huongeza uvimbe na hufanya maumivu yasikike zaidi. Ibuprofeni hukizuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Prostaglandini zikipungua, homa inashuka na maumivu yanatulia.

Lakini prostaglandini hazipo kwa ajili ya homa peke yake. Tumboni hulinda utando wa ndani usichubuliwe na asidi. Kwenye damu, ndugu zao wa karibu husaidia chembe sahani kushikamana ili jeraha lizibe. Na kwenye figo hupanua mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio. Ibuprofeni haichagui. Inapoingia mwilini hupunguza prostaglandini za homa, za tumbo na za figo kwa pamoja.

Kwa mtu mzima mwenye afya, aliyekula na kunywa maji, figo hazitikisiki sana kwa hilo, kwa sababu msukumo wa damu yake unatosha kuendesha uchujaji bila msaada mkubwa wa prostaglandini. Mtoto mchanga hana akiba hiyo.

Alipokuwa tumboni, kazi ya kusafisha damu yake ilifanywa na kondo la nyuma kupitia mwili wa mama. Anapozaliwa, figo zake zinapokea jukumu hilo ghafla. Kasi yake ya kuchuja damu wakati huo ni takriban moja ya tano tu ya ile ya mtu mzima, hata baada ya kurekebisha hesabu kwa ukubwa wa mwili. Huongezeka karibu mara mbili katika wiki mbili za mwanzo, kisha hupanda polepole, na hufikia kiwango cha mtu mzima kati ya mwaka wa kwanza na wa pili.

Katika kipindi hicho shinikizo lake la damu liko chini, na homoni za kubana mishipa ziko juu. Mishipa ya kuingiza damu kwenye figo inavutwa kujifunga, na prostaglandini ndizo zinazoishikilia wazi, kama mkono unaozuia koki isijifunge yenyewe. Ukimpa ibuprofeni, umeuondoa mkono huo. Damu inayofika kwenye vichujio inapungua, mkojo unapungua, na uchafu uliopaswa kutoka unabaki kwenye damu. Iwapo mtoto amepungukiwa maji pia, kwa kutapika, kuharisha au kukataa ziwa kwa sababu ya homa yenyewe, figo zake zinapigwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Figo si mlango pekee wa hatari. Tumbo na utumbo wa mtoto mchanga ni laini, na kupungua kwa prostaglandini huongeza uwezekano wa kidonda na kutokwa damu ndani. Lakini figo ndizo zinazoeleza vizuri kuliko kitu kingine kwa nini umri una uzito kuliko kilo.

Dawa isiyotoka kwa wakati

Kuna jambo la pili linaloongezea la kwanza. Kwa mtoto mkubwa au mtu mzima, nusu ya ibuprofeni iliyomo kwenye damu huondolewa ndani ya saa 2 hivi. Baada ya saa 8, wakati wa dozi inayofuata, imebaki sehemu ndogo sana. Kila dozi hukuta mwili karibu mtupu.

Kwa njiti katika siku zake za kwanza, kuondoa nusu hiyo huweza kuchukua saa 30 au zaidi. Tufanye hesabu. Kama nusu inatoka kwa saa 30, basi baada ya saa 8 bado imebaki zaidi ya asilimia 80 ya dozi ya kwanza. Unapompa ya pili unaiweka juu ya hiyo. Ukifika dozi ya tatu, mwilini mna dawa karibu mara mbili na nusu ya dozi moja, ingawa kila mara ulipima kiasi kilekile.

Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na kufikisha wiki 10 huiondoa dawa haraka kuliko njiti wa siku mbili. Hata hivyo ini lake linaloivunja na figo zake zinazoitoa bado zinakua, na kasi hutofautiana kati ya mtoto na mtoto kiasi kwamba ratiba iliyoandikwa kwa ajili ya wakubwa haiwezi kuaminika kwake.

Mahali ambapo watoto wachanga hupewa

Mtu anaweza kuuliza: kama ni hatari hivyo, mbona kuna wodi za watoto wachanga zinazowapa ibuprofeni njiti wa kilo moja? Swali ni zuri, kwa kuwa jibu lake linaonyesha wazi namna dawa hii inavyofanya kazi.

Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aorta, ili damu iyapite mapafu ambayo bado hayana kazi. Prostaglandini huushikilia mshipa huo wazi. Baada ya kuzaliwa hujifunga kwa siku chache. Kwa njiti mara nyingi haujifungi, damu inafurika mapafuni, na mtoto anashindwa kupumua vizuri. Kwa hiyo madaktari walitafuta dawa ya kuzuia prostaglandini ili mshipa ufunge. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha ibuprofeni ya sindano kwa kazi hiyo mwaka 2006, kwa njiti wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,500.

Tazama masharti yake. Dozi ya kwanza ni miligramu 10 kwa kilo, kisha miligramu 5, kisha 5, na kati ya dozi moja na nyingine hupita saa 24 nzima. Mkojo hupimwa. Kabla ya dozi ya pili au ya tatu, kama mtoto anakojoa chini ya mililita 0.6 kwa kilo kwa saa, dawa inasimamishwa mpaka figo zirudi kazini. Mtoto anayetokwa damu hapewi. Mwenye maambukizi ambayo hayajatibiwa hapewi.

Sharti la mwisho litazamwe kwa makini. Hata wodini, penye mashine na vipimo vya damu, maambukizi yasiyotibiwa ni sababu ya kutotoa ibuprofeni. Mtoto mchanga mwenye homa nyumbani ni yuleyule ambaye huenda ana maambukizi yasiyotibiwa, na hakuna anayepima mkojo wake kwa mililita.

Kanuni hiyohiyo inafika mpaka kabla ya kuzaliwa. Mwaka 2020 mamlaka hiyo ya Marekani iliwaonya wajawazito wasitumie ibuprofeni na dawa za jamii yake kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito bila ushauri wa daktari. Dawa huvuka kondo, figo za mtoto hupunguza mkojo, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka tumboni ni mkojo wake, maji hayo hupungua.

Homa yenyewe ni taarifa

Tuseme figo zisingekuwa na shida yoyote. Bado kungekuwa na sababu ya kutokimbilia dawa ya homa kwa mtoto wa chini ya miezi 3.

Mtoto mkubwa akiwa na maambukizi makali huonyesha dalili nyingi: anasema panapouma, shingo inakakamaa, anakohoa. Mtoto wa wiki 5 mwenye maambukizi ya damu, ya njia ya mkojo au ya utando wa ubongo anaweza kuonyesha jambo moja tu, nalo ni joto. Wakati mwingine hata joto halipandi bali linashuka. Ukilishusha kwa dawa bila mtu kumchunguza, umeondoa dalili pekee iliyokuwa ikikwambia umpeleke hospitali, huku ugonjwa ukiendelea.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwahudumia watoto wagonjwa, unaotumika katika vituo vyetu vya afya, unahesabu joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2 kuwa dalili ya uwezekano wa maambukizi makali. Katika nchi nyingi mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 hutakiwa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Dalili nyingine ambazo hazisubiri asubuhi ni kushindwa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi, na kulegea kiasi cha kusogea tu anapoguswa.

Homa ya chanjo ni ya kweli na huja mara nyingi, kwa kawaida ndani ya saa 24, na huisha kwa siku moja au mbili. Tatizo ni kwamba kwa macho haitofautiki na homa nyingine. Mtoto wetu wa wiki 10 avuliwe nguo za ziada, anyonyeshwe mara kwa mara na apimwe joto kwa kipimajoto. Kama anahitaji dawa, inayotumika katika umri huo ni parasetamoli, kwa kipimo ambacho mhudumu wa afya amekipanga kwa uzito wake. Parasetamoli hushusha homa bila kuzigusa prostaglandini za figo kwa nguvu ileile. Ni vyema kumuuliza muuguzi siku ya chanjo, kabla ya kuondoka kliniki: "Sista, akipata joto usiku nimpe nini, kiasi gani?" Jibu liandikwe kwenye kadi ya mtoto.

Miezi 3 au miezi 6?

Anayesoma vibandiko vya chupa kutoka nchi mbalimbali huona mipaka miwili na kudhani wataalamu hawakubaliani. Orodha ya dawa muhimu kwa watoto ya Shirika la Afya Duniani inasema ibuprofeni isitumike kwa mtoto wa chini ya miezi 3. Uingereza nayo hutumia miezi 3 na kuongeza sharti la uzito: mtoto awe amezidi kilo 5. Marekani, dawa inayouzwa bila cheti cha daktari inaanzia miezi 6, na aliye chini ya hapo lazima daktari aulizwe.

Chini ya miezi 3 hakuna ubishi: haitumiki nyumbani. Masharti ya umri na uzito huenda pamoja. Mtoto wetu amezidi kilo 5, lakini hajatimiza miezi 3, kwa hiyo hajavuka. Mwenye miezi 4 na kilo 4.6 naye hajavuka.

Kati ya miezi 3 na 6 ni eneo la daktari. Figo zimeimarika sana lakini hazijamaliza kukua, na ushahidi ni mchache. Utafiti mkubwa wa Boston uliochapishwa mwaka 1995, uliowafuatilia watoto zaidi ya 84,000 wenye homa, haukuona ibuprofeni ya muda mfupi ikiongeza hatari ya kulazwa kwa kutokwa damu tumboni au kufeli kwa figo ikilinganishwa na parasetamoli. Habari hiyo inatuliza, lakini watoto waliohusishwa walianzia miezi 6. Usalama uliopimwa kwa mtoto wa miezi 6 hauwezi kuazimwa na wa miezi 4. Uingereza inaporuhusu katika kipindi hiki, kipimo ni miligramu 50 mara tatu kwa siku, na mtoto asiyepata nafuu ndani ya saa 24 anatakiwa kuonwa na daktari.

Kuanzia miezi 6, mtoto mwenye afya na anayekunywa vizuri anaweza kupewa, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8. Kwa mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, kalenda peke yake haitoshi. Daktari wake ndiye anayeamua.

Baada ya mpaka

Kuvuka miezi 6 hakufungui mlango wote. Mtego wa kwanza uko kwenye chupa. Mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 8 anaweza kupewa hadi miligramu 80 kwa dozi. Kwa chupa ya 100 mg/5 ml hiyo ni mililita 4. Lakini kuna chupa za 200 mg/5 ml, na kuna matone ya Marekani, ambayo jamaa huwaletea ndugu wakirudi safari, yenye miligramu 50 katika mililita 1.25 tu, ambayo ni nguvu ileile ya 200 mg/5 ml. Mililita 4 za dawa hizo ni miligramu 160, mara mbili ya kiwango cha juu. Soma namba kwenye chupa uliyoishika, si ile unayoikumbuka, na upime kwa sirinji, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani.

Mtego wa pili ni dawa za mchanganyiko. Baadhi ya dawa za maji huwa na ibuprofeni na parasetamoli pamoja. Mzazi anayedhani ameshika parasetamoli anaweza kumpa mtoto wa wiki 7 ibuprofeni bila kujua. Mistari midogo chini ya jina kubwa ndiyo inayosema ukweli.

Mtego wa tatu ni hali ya mtoto siku ile. Mwaka 2013 madaktari wa Indiana, Marekani, walieleza kuhusu watoto 27 walioumia figo baada ya kutumia dawa za jamii hii. Wengi wao walikuwa wamepewa kipimo kilicho sahihi. Kwa hiyo mtoto anayeharisha, anayetapika au asiyekunywa asipewe ibuprofeni hata kama umri unaruhusu. Asipewe pia mwenye tetekuwanga, kwa kuwa dawa hii imehusishwa na maambukizi makali ya ngozi, wala anayeshukiwa kuwa na dengi, ugonjwa ambao umewahi kulipuka Dar es Salaam na Mombasa na ambao wenyewe tayari huleta hatari ya kutokwa damu.

Kama ameshapewa

Inatokea kwamba dawa imeshamezwa ndipo mtu anauliza. Dozi moja mara nyingi haileti madhara ya kudumu, lakini isipewe ya pili. Andika saa na kiasi, endelea kunyonyesha, na umpeleke mtoto kituo cha afya pamoja na chupa. Njiani na baadaye angalia nepi. Mtoto anayenyonya vizuri, akishapita wiki ya kwanza, hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua waziwazi, au zikipita saa 8 bila mkojo, mwambie daktari mara moja. Fanya hivyo pia ukiona matapishi yenye damu, choo cheusi kama lami, uso kuvimba au usingizi usioamshika.

Mama anayenyonyesha na anayeumwa kichwa au mshono hana haja ya kuogopa kumeza ibuprofeni yeye mwenyewe kwa kipimo cha kawaida. Inayopita kwenye maziwa ni ndogo mno.

Muuza dawa anayejua kazi yake, akiambiwa "Kaka, nipatie dawa ya homa ya mtoto," atauliza kwanza, "Mtoto ana umri gani, mama, na ana kilo ngapi?" Asipouliza, mtajie wewe. Ukisema wiki 10 akakupa ibuprofeni, irudishe kaunta na umpeleke mtoto akachunguzwe.